Latitudo ya Nyuzi 1 Kusini: mpaka uliomgawa Mmasai na kumfungia Mganda njia ya pwani

Asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie mipaka ya kikoloni Afrika, lakini Afrika nzima haitoshi saa moja, kwa hiyo nitabaki na mstari mmoja tu. Unaanzia pwani, mdomoni mwa mto Umba karibu na Vanga, unafika Ziwa Viktoria, unavuka ziwa, kisha unaendelea magharibi. Leo sehemu yake ya kwanza inatenganisha Kenya na Tanzania, na ya pili inatenganisha Uganda na Tanzania.

Sehemu ya kwanza ilikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, kwa barua za kibalozi. Ukisoma maelezo yake utashangaa yalivyo mafupi. Toka mdomo wa Umba nenda moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, zunguka ziwa hilo upande wa mashariki na kaskazini, pita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, fuata chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, halafu nyoosha mpaka ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pale unapokutana na latitudo ya nyuzi 1 kusini. Kilomita mamia kadhaa, zenye mabonde, mito na watu, zimemalizwa kwa neno "nyoosha".

Najua mnasubiri niseme kuhusu Kilimanjaro. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake mlima huo kwenye siku ya kuzaliwa. Hadithi tamu, lakini haisimami. Mwaka 1886 mjukuu huyo, Vilhelmu wa Pili, alikuwa bado hajawa Kaizari wa Ujerumani. Alitawazwa mwaka 1888. Kona ya mpaka pale Kilimanjaro ipo kwa sababu Wajerumani walishika mikataba yao na watawala wa Uchaga, na Waingereza wakashika ya Taveta, ambayo mpelelezi wao Harry Johnston aliipata mwaka 1884. Penye karatasi zilizokwisha kusainiwa, mstari ulipinda. Ambapo hapakuwa na karatasi ulikwenda moja kwa moja, hata kama palikuwa na watu.

Waliokuwapo ni Wadigo kule Vanga na Tanga, Wamasai katika nyika yote ya kati, na Wakuria kule ziwani, ambao leo wengine ni wa Tarime na wengine ni wa Kehancha. Mkulima akigawanywa na mpaka anapata usumbufu. Mfugaji anapata zaidi ya usumbufu, maana maisha yake ni kuhama: mvua ikikosekana huku, ng'ombe wanapelekwa kule ilikonyesha. Mwezi Oktoba 2017 serikali ya Tanzania iliwakamata na kuwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliokuwa wakilisha upande wa Tanzania. Kisheria, serikali ilikuwa na hoja. Mwenye ng'ombe naye alikuwa amefuata majani, kama wazee wake walivyofanya kabla barua zile hazijaandikwa.

Sasa tuvuke ziwa, maana huko ndiko suala la pwani lilikoamuliwa.

Mapema mwaka 1890 Mjerumani Karl Peters alifika Buganda akasaini mkataba na Kabaka Mwanga. Kwa miezi michache ilionekana kana kwamba Buganda itaangukia kwa Wajerumani. Tarehe 1 Julai 1890 Berlin na London zikamaliza shauri bila kumwuliza Mwanga wala Peters. Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata ulinzi wa Zanzibar, na ule mstari ukaendelezwa magharibi kwa latitudo ileile ya nyuzi 1 kusini hadi mpaka wa Kongo. Kaskazini yake Mwingereza, kusini Mjerumani.

Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu watu husema Uganda "ilinyimwa" bahari. Buganda haikuwahi kumiliki pwani. Ilichokuwa nacho ni njia. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Karagwe, ikaingia Buganda na vitambaa na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu. Njia hiyo yote, kutoka Karagwe mpaka baharini, ikawa ndani ya eneo la Mjerumani. Mwingereza alibaki na nchi ya ndani ambayo mlango wake wa kawaida ulikuwa mikononi mwa mshindani wake, ndiyo maana akajenga reli kutoka Mombasa.

Reli hiyo iliitwa Reli ya Uganda. Ilianza mwaka 1896 na kufika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata London iliuhamishia mkoa wa mashariki wa Uganda kwenye himaya ya jirani, ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya, ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Basi Reli ya Uganda ikabaki bila hata futi moja ndani ya Uganda! Mtawala alikuwa mmoja pande zote mbili, hivyo wakati ule hakuna aliyeumia sana. Maumivu yalikuja baada ya uhuru. Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara na kung'oa reli, vituo vya mafuta Kampala vilikauka na bei zikapaa, ingawa Waganda hawakuwa wamepiga kura yoyote.

Tukirudi kwenye latitudo yenyewe, tatizo lake ni kwamba ardhini haionekani. Tume ya Waingereza na Wajerumani ilipima na kuweka nguzo kati ya 1902 na 1904, zaidi ya miaka kumi baada ya mkataba. Wakati huo mto Kagera ungekuwa mpaka wa kueleweka, lakini mto unapinda: unashuka kusini ya latitudo, unapita Kyaka, kisha unapanda tena na kumwaga maji ziwani upande wa Uganda. Hivyo kikabaki kipande cha Tanzania kaskazini ya mto, cha takriban kilomita za mraba 1,800, chenye Wahaya, Waganda na Wanyankole wanaooana na kufanya biashara bila kuuliza nguzo ziko wapi.

Idi Amin alikiona kipande hicho. Novemba 1978 alitangaza kwamba ni sehemu ya Uganda na kwamba mpaka ni mto. Jeshi lake likavunja daraja la Kyaka. Nyerere akajibu kwa vita, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, Julai 1964, lililotaka mipaka iliyorithiwa iheshimiwe, lilipendekezwa na Nyerere mwenyewe. Somalia na Moroko walilikataa. Alijua mistari ile ni ya kipuuzi, ila aliogopa zaidi kitakachotokea kila nchi ikianza kuisahihisha kwa bunduki. Kagera ilimpa sababu ya kuogopa.

Leo pale Mutukula, juu ya mstari huohuo, kuna kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa Novemba 2017, ambapo lori linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mkoa wa Kagera, upande wa Tanzania, ndio unaopokea bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443, ambazo chini ya 300 tu ziko Uganda. Mafuta ni ya Uganda, lakini zaidi ya robo tatu ya safari yake ni ndani ya nchi nyingine, na kwa kila pipa kuna ada ya kupita. Kuhusu kiasi cha ada hiyo na nani alishinda mazungumzo, naona mikono imeshaanza kupanda kule nyuma, basi tuanze na maswali.