Kazi Zenye Jina la Aliyeondoka

Asanteni. Walionisikia zamani wanajua nitaishia wapi, kwa hiyo hao ninawaruhusu wasinzie. Nimepewa mada ya waraka ambao msimamizi wa hifadhidata anamwachia anayeshika nafasi yake: kazi za ratiba, bakapu, na ruhusa za kuingia. Nitatumia SQL Server kwa sababu ndiyo ninayolala na kuamka nayo. Ninyi wa PostgreSQL na Oracle badilisheni majina, ugonjwa ni uleule.

Nyaraka za namna hii nimezisoma nyingi. Karibu zote zina mchoro wenye mishale, majina ya seva, orodha ya kazi na saa zinapoanza. Zinapendeza. Mimi huwa natafuta safu moja tu, na mara nyingi siikuti: mmiliki wa kila kazi. Simaanishi anayeishughulikia hapo ofisini. Namaanisha akaunti iliyoandikwa ndani ya `msdb` kwamba ndiyo yenye kazi hiyo.

Ukiunda kazi kwenye SQL Server Agent bila kubadilisha kitu, akaunti yako ndiyo inayowekwa kuwa mmiliki. Hakuna anayekuuliza, na wewe huoni sababu ya kuangalia. Kisha kila kazi inapotaka kukimbia, Agent humtazama kwanza mmiliki: je, huyu ana ruhusa kwenye seva hii? Kama ni akaunti ya Windows na imeshafutwa, jibu halipatikani, na kazi inakwama hata kabla ya hatua yake ya kwanza. Kwenye historia ya kazi utakuta maneno haya:

```
Unable to determine if the owner (...) of job ... has server access
```

Sasa niwape kisa, na ofisi yenyewe sitaitaja. Msimamizi aliondoka kwa amani kabisa, na waraka wake ulikuwa safi. Akaunti yake iliachwa kwa muda, kisha watu wa mtandao wakaifuta kama utaratibu wao unavyosema. Hawakukosea. Ila bakapu ya logi ya hifadhidata kuu, iliyokuwa ikikimbia kila dakika 15, ilikuwa mali ya akaunti hiyo. Kuanzia hapo ikawa inashindwa mara 96 kwa siku. Na kwa uaminifu mkubwa, kila iliposhindwa ilituma barua pepe ya kutoa taarifa. Kwa nani? Kwa yuleyule aliyeondoka. [Kicheko.] Mnacheka, lakini leo mkirudi kazini tazameni anwani zilizo kwenye `msdb.dbo.sysoperators`, kisha mje mnicheke tena.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba bakapu kamili ya kila usiku ilikuwa inaendelea. Ndiyo, ilikuwa inaendelea, kwa kuwa ilimilikiwa na `sa`. Na hilo ndilo lililowalaza usingizi. Kila asubuhi waliona faili jipya la bakapu wakaridhika. Lakini hifadhidata iliyo kwenye hali ya FULL haiachilii nafasi ndani ya logi kwa sababu umechukua bakapu kamili. Bakapu ya logi ndiyo inayoachilia. Hili nimelisema kwenye kila jukwaa nililopanda, na bado kila mara kuna mtu anashtuka.

Kwa hiyo logi ikavimba. Tuchukue diski yenye nafasi ya GB 200, na logi inayokua kwa GB 15 kila siku. Siku ya 14 imejaa. SQL Server ikatoa kosa 9002 na kukataa kuandika. Kusoma kulikuwa kunaendelea, ndiyo maana saa za mwanzo waliolaumiwa ni watengenezaji wa programu: kurasa zinafunguka, ripoti zinatoka, ila ukibonyeza kuhifadhi inakataa. Mngeuliza seva yenyewe ingewajibu kwa mstari mmoja:

```sql
SELECT name, recovery_model_desc, log_reuse_wait_desc
FROM sys.databases;
```

Safu ya mwisho ikisema `LOG_BACKUP`, basi logi inangoja bakapu yake na si kitu kingine.

Aliyepokea nafasi alipoona simu zinamiminika akafanya wanachofanya wengi: akaihamisha hifadhidata kwenda SIMPLE. Logi ikapumua na watu wakarudi kazini. Baada ya hapo akairudisha FULL, akaona amemaliza. Lakini mnyororo wa bakapu za logi ulishakatika pale alipohama. Mpaka achukue bakapu kamili, au ya tofauti, hana mnyororo mpya, na bakapu ya logi atakayojaribu itakataliwa kwa kosa 4214. Katikati hapo, mtu akifuta jedwali saa nane mchana, huwezi kumrudishia hali ya saa saba na dakika 59. Utamrudishia ya usiku uliopita, na kazi ya nusu siku imekwenda.

Alitakiwa kufanya nini? Achukue bakapu ya logi kwa mkono, aielekeze kwenye diski yenye nafasi, maana hiyo ya kwanza itakuwa kubwa sana, kisha arekebishe mmiliki. Asitishike akiona faili la logi kwenye diski halijapungua. Nafasi imeachiliwa ndani ya faili, nalo lenyewe linabaki na ukubwa wake mpaka ulipunguze kwa makusudi.

Yote haya yangezuiwa na amri ya mistari miwili, ambayo matokeo yake nataka yawe ukurasa wa kwanza wa waraka, kabla ya mchoro wenu wa mishale:

```sql
SELECT j.name, j.enabled, SUSER_SNAME(j.owner_sid) AS mmiliki
FROM msdb.dbo.sysjobs AS j;
```

Safu ya mmiliki ikionyesha `NULL`, SQL Server imeshindwa kumtambua mwenye kazi, na huenda huyo ni mtu wa kabla hata ya huyu anayeondoka sasa. Ikionyesha jina la mtu aliye hai na ofisini, bado ni tatizo, limeahirishwa tu. Kurekebisha ni hivi:

```sql
EXEC msdb.dbo.sp_update_job
  @job_name = N'Bakapu_Logi',
  @owner_login_name = N'sa';
```

Hapo mtaalamu wa usalama aliyekaa nyuma anainua mkono kuniambia `sa` imefungwa kwao. Vizuri, iacheni imefungwa. Kazi inayomilikiwa na `sa` iliyofungwa inaendelea kukimbia, kwani hakuna anayeingia kwa jina hilo. Angekuwa ameniuliza swali gumu zaidi ningemheshimu zaidi: je, nibadilishe zote kwa mpigo? Hapana. Kazi ya msimamizi mwenye mamlaka yote ya `sysadmin` tayari inatumia akaunti ya huduma ya Agent, kwa hiyo kumwekea `sa` hakubadilishi nguvu zake. Lakini kazi ya mtengenezaji wa kawaida inakimbia kwa ruhusa zake ndogo. Ukiipa `sa`, hatua iliyokuwa inagusa hifadhidata moja sasa inaweza kugusa seva nzima. Zile zisome hatua kwa hatua kwanza, na kwenye waraka ziandikwe peke yake.

Na kazi zilizozimwa! Waraka unaniambia `enabled = 0` halafu unanyamaza. Imezimwa kwa sababu haitakiwi tena, au kwa sababu mtu alikuwa anafanya matengenezo Jumapili akasahau kuiwasha? Sentensi moja inatosha. Kama anayeondoka mwenyewe hajui, aandike kwamba hajui, nayo ni habari.

Nimekula muda. Bakapu, basi. Waraka usiniambie bakapu zipo, unionyeshe mtu akirejesha. Na mtu huyo awe anayepokea, kwa akaunti yake, kwenye seva nyingine, huku anayeondoka amekaa pembeni mikono mfukoni. Kila anapolazimika kufungua mdomo, pale pana pengo kwenye waraka, paandikwe. Arejeshe bakapu kamili kwa `NORECOVERY`, afuatishe za logi kwa mpangilio, asimame kwenye dakika aliyopangiwa kwa `STOPAT`, amalize kwa `RECOVERY`. Muda aliotumia uandikwe, kwa sababu siku ya msiba mkurugenzi hataulizia kitu kingine. Wala mtu asiniletee `RESTORE VERIFYONLY` akaiita jaribio. Inaangalia kama bakapu imekamilika na inasomeka. Haikuhakikishii kwamba data iliyomo ni nzima, na haijarejesha hata safu moja.

Zoezi hilohilo ndilo linalofichua jambo la cheti. Kama hifadhidata imesimbwa kwa TDE, kwenye seva nyingine utapata kosa 33111: cheti hakipo. Faili la bakapu unalo mkononi, la GB 300, na ni takataka mpaka upate faili la cheti, faili la ufunguo binafsi, na nenosiri lililotumika kuufunga ufunguo huo siku uliposafirishwa nje. Hivyo vitatu huwa vinakaa wapi? Kwenye folda ya nyumbani ya aliyeondoka. Nenosiri huwa kichwani mwake.

Ruhusa za kuingia nitazikimbiza, mwenyekiti ananionyesha saa. Nenosiri lisiandikwe ndani ya waraka, kwa sababu waraka utatumwa kwa barua pepe, mnajua utatumwa. Andikeni linatunzwa wapi na nani anaweza kulifungua, kisha anayepokea alifungue mbele yenu. Tazameni `sys.credentials`, safu ya `credential_identity`: majina ya watu mtayakuta humo pia, na nenosiri la mtu huyo likibadilika hatua zinazolitegemea zitaanguka. Tazameni ratiba za Windows nje ya SQL Server kabisa, kwa sababu kuna hati ya kunakili bakapu kwenda seva ya mbali ambayo mtu aliiweka huko miaka iliyopita na haionekani kwenye `msdb`.

Seva zilizounganishwa nimeziacha, muda hautoshi. Ombi langu kwa watu wa mtandao ni dogo: msiifute akaunti ya msimamizi kabla ya aliyepokea kuendesha ile amri ya wamiliki na kuwaletea orodha isiyo na jina la mwenzake. Haya, maswali. Yule wa `sa` aanze.