Kutoka gramu hadi gramu: hesabu za moli kwa magadi ya Ziwa Magadi

Ndugu wanafunzi, na walimu mliofuatana nao, karibuni. Leo nitashughulika na hesabu moja tu, lakini tutaitoboa mpaka mwisho wake.

Kusini mwa Kenya, katika Bonde la Ufa, kuna Ziwa Magadi. Chemchemi za moto huliingizia maji yenye chumvi nyingi, jua huyakausha, na juu hubaki tabaka gumu jeupe la madini yaitwayo trona. Kiwandani pale trona huchimbwa, husagwa, huoshwa, kisha huchomwa ili kupata sodiamu kaboneti, ile inayokwenda kutengeneza vioo. Swali letu ni hili: nikichoma gramu 11.3 za trona safi, nitapata gramu ngapi za sodiamu kaboneti?

Mlinganyo uliosawazishwa ni huu:

```
2(Na2CO3·NaHCO3·2H2O) → 3Na2CO3 + 5H2O + CO2
```

Tusiuache upite haraka. Kwa nini 2 upande huu na 3 upande ule? Hesabuni sodiamu. Fomula moja ya trona ina atomi 3 za sodiamu: 2 katika kaboneti na 1 katika baikaboneti. Fomula moja ya sodiamu kaboneti ina 2. Sodiamu hairuki na moshi, yote hubaki ndani ya chombo. Basi trona 2 zina sodiamu 6, na sodiamu 6 zinatosha kaboneti 3. Uwiano huo ni wa idadi ya fomula, si wa gramu. Mizani haihesabu fomula, inapima gramu, na ndiyo maana tunalazimika kupitia kwenye moli: tunageuza gramu kuwa idadi, tunatumia uwiano, kisha tunarudi kwenye gramu.

Sasa tufanye. Moli moja ya trona ina gramu 226, yaani 106 za kaboneti, 84 za baikaboneti na 36 za maji. Msiyasahau hayo maji, yamo ndani ya fuwele na yanapimwa pamoja nayo.

```
moli za trona    = 11.3 ÷ 226   = 0.050
moli za Na2CO3   = 0.050 × 3/2  = 0.075
gramu za Na2CO3  = 0.075 × 106  = 7.95
```

Jibu ni gramu 7.95.

Makosa mawili nayaona kila mwaka kwenye karatasi za mitihani. La kwanza ni kuruka uwiano: mtu anachukua 0.050 moja kwa moja, anazidisha kwa 106 na kupata 5.30. La pili ni kugawa kwa 452 kwa sababu ameona 2 mbele ya trona, halafu bado anazidisha kwa 3/2. Huyo anapata 3.975, nusu ya jibu. Ile 2 kazi yake ni kwenye uwiano, haigusi uzito wa moli moja.

Mtajuaje mmekosea bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu? Tafuteni na vile vinavyotoroka. Maji ni moli 0.125, sawa na gramu 2.25. Kaboni dayoksaidi ni moli 0.025, sawa na gramu 1.10. Jumlisheni: 7.95 na 2.25 na 1.10 ni 11.30, zile zile tulizoanza nazo. Aliyepata 5.30 ana gramu 2.65 ambazo hawezi kusema zimekwenda wapi.

Twende maabara. Unachoma gramu 11.3 za trona iliyotoka ziwani, unaacha ipoe, unapima, na mizani inasema 8.62. Imezidi. Kuna sababu mbili za kuangalia kwanza: huenda haijaungua yote, au ina uchafu usiopungua kwa moto, kwa mfano chumvi ya kawaida au mchanga. Kutofautisha ni rahisi. Irudishe motoni, ipoe, pima tena. Uzito ukishuka, ilikuwa haijaungua. Ukibaki 8.62 mara mbili mfululizo, ni uchafu.

Tuseme umebaki pale pale. Kilichotoroka ni 11.3 − 8.62, gramu 2.68. Trona safi ingepoteza 3.35. Gawanya 2.68 kwa 3.35, unapata 0.80: sampuli ina trona asilimia 80, ambazo ni gramu 9.04. Sasa pita njia ile ile: moli 0.040 za trona, moli 0.060 za kaboneti, gramu 6.36. Zinazobaki kwenye chombo, gramu 2.26, ni uchafu. Kwa hiyo aliyeiandika ile 8.62 yote kuwa sodiamu kaboneti ameandika gramu 2.26 zaidi ya zilizopo, na kibaya zaidi ni kwamba ataamini magadi yake machafu yanatoa kaboneti nyingi kuliko yaliyo safi.