Jumbe za Siku Tatu

Mabibi na mabwana, leo nitazungumzia jumbe za siku tatu tu, kwa kuwa mara nyingi ndani ya siku hizo dalili zote za kumiminiwa mapenzi, yaani kufurikishwa sifa na ahadi na mtu asiyekujua bado, huwa zimekwisha kujionyesha.

Dada mmoja, aliyeniruhusu kusimulia habari zake bila kumtaja, alikutana na mwanamume katika programu ya kutafuta wachumba. Siku ya kwanza alimwandikia kwamba anapenda kusoma na kwamba anafanya kazi zamu za usiku. Akajibiwa: "Nimekutafuta maisha yangu yote. Hakuna aliyewahi kunielewa kama wewe." Dada huyu alikuwa ameandika jumbe sita, zote zikimhusu yeye mwenyewe. Sasa amemwelewa bwana huyo kwa lipi? Aliyevutiwa kweli angeuliza anasoma vitabu gani. Sifa ambayo ungeweza kuihamishia kwa mtu mwingine yeyote bila kubadili neno haikuandikwa kwa ajili yako.

Siku ya pili bwana huyo alimwomba wahamie WhatsApp. Ombi hilo peke yake si kosa, wengi huhama. Lakini alisema amekwisha kufuta akaunti yake kwa kuwa "nimeshakupata", na hapo akamtwika deni ambalo dada hakulikopa. Jioni alikuwa akimwita "mke wangu".

Siku ya tatu dada alikuwa zamu, akakaa kimya kwa muda wa saa tano. Alipofungua simu alikuta jumbe 14. Za mwanzo ziliuliza kama amefika salama, za katikati ziliuliza "nimekukosea nini?", na ya mwisho ilisema, "Kumbe nawe ni kama wale wengine." Asubuhi ukaja msamaha mrefu wenye mashairi. Zamu iliyofuata, dada alianza kujibu kwa kujificha chooni, na hapo ndipo aliponitafuta, kwa sababu aligundua kwamba hakuwa akijibu kwa furaha bali kwa kuogopa lawama.

Nilimshauri aandike hivi: "Nafurahi kuzungumza nawe, ila napenda kwenda polepole. Nitakujibu jioni, na habari za ndoa tuziache kwanza." Wapo watu wenye pupa tu, wasio na hila, mimi mwenyewe ujanani niliandika barua ambazo leo nisingependa zisomwe. Mtu wa namna hiyo ataona haya kidogo, atapunguza mwendo, na wiki ijayo atakuwa bado amepunguza. Ndiyo maana jibu la kwanza halitoshi: wapo wanaosema "sawa" mchana, kisha usiku wakarudia yale yale.

Huyu alijibu, "Anayependa hapimi." Baada ya saa mbili: "Basi nifute." Dada alipokaa kimya: "Nilikuwa natania, mke wangu." Dada akamzuia, kisha akarudi kwenye programu ili amripoti. Akaunti iliyosemekana kufutwa ilikuwa pale pale, na picha mpya imewekwa.