Kufuga Bata wa Nyama na Mayai: Anza na Dumu la Maji

Haya, karibuni tena wafugaji wenzangu. Niko bandani kwangu huku Mkuranga, mpwa wangu ndiye ameshika simu, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye. Leo ni bata. Hawa ninaofuga mimi ni wale wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni, dume mmoja na majike watano. Hawapigi kelele, dume anafoka tu "hhh, hhh" kama tairi linalotoa upepo. Majirani wananipenda kwa sababu hiyo.

Wengi mnaonipigia simu kununua vifaranga mna banda la kuku tayari, na swali ni lilelile: je, naweza kuwaweka humo humo? Subiri. Kwanza tutengeneze chombo cha maji, maana bata wengi wanaokufa wadogo wanauawa na maji. Aidha wameyakosa, aidha wameyaogelea.

Chukua dumu la mafuta la lita tano. Lisafishe kwa sabuni mpaka harufu iishe, hilo sihitaji kuwaonyesha. Sasa angalia hapa. Dogo, sogea. Sogea karibu, siyo uso wangu, dumu! Tunakata dirisha ubavuni. Kwa kifaranga wa wiki ya kwanza, upana wa dirisha ni vidole viwili. Viwili tu. Kichwa kiingie, mwili usiingie. Ukingo wa chini wa dirisha uwe usawa wa mgongo wa kifaranga akisimama, na maji yafike karibu na ukingo huo, ili akiinamisha kichwa azamishe mdomo wote pamoja na matundu ya pua.

Kwa nini pua? Kuku anachota tone, anainua kichwa, linateremka, kazi imekwisha. Ndiyo maana kuku anaishi vizuri na vile vichuchu vya kudondosha maji. Bata anakula unga, unamganda mdomoni na kuingia puani, na lazima auoshe kwa kuzamisha. Asipoweza, pua inaziba, macho yanaanza kuwa na ukoko pembeni. Ukiona ukoko machoni usikimbilie dawa kwanza, pima kina cha maji yako.

Ukishakata, pitisha kisu kilichopashwa moto kwenye kingo zote ziwe laini, la sivyo plastiki inachana shingo. Wakifika wiki ya tatu panua dirisha liwe vidole vitatu. Wakubwa wanapewa dumu la lita ishirini lenye dirisha la upana wa kiganja na maji ya kina cha kama sentimita kumi. Wasio na muda wa kukata, ninayo yaliyokatwa tayari, tutaongea.

Sasa nisikilizeni. Kifaranga wa bata aliyeanguliwa kwenye mashine, au aliyetenganishwa na mama, HAOGELEI. Najua watoto wa nyumbani watataka kumwona kwenye beseni. Mama bata ana mafuta kwenye tezi ya mkiani, vifaranga wake wanayapata wakijisugua kwake, ndiyo maana wanaelea bila kulowa. Huyu wa kwako hana mama. Manyoya yake ya mwanzo yanafyonza maji, anapoa, na asubuhi unamkuta amelala ubavu. Hata jua likiwaka la Pwani hivi. Subiri manyoya ya kweli yajae kifuani na mgongoni, kama wiki ya tano au ya sita hivi. Na hata akikua, hahitaji bwawa. Hawa wa kienyeji wanapandana nchi kavu bila shida, beseni la kujimwagia linawatosha.

Ngoja... mmoja ameingia kwenye dumu. Mnaona? Mnaona! Hili ni lile la vidole vitatu, nimewawekea wadogo kimakusudi muone. Haya, toka baba, toka. Dogo, mpe kitambaa, mfute, umrudishe kwenye joto. Ndiyo maana nasema viwili.

Joto lenyewe: wiki ya kwanza nyuzi 32 hivi pale chini ya taa au karibu na chungu cha mkaa, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Sina kipimajoto leo, natazama wao wenyewe. Wakijikusanya kwenye chungu wana baridi, wakijibanza ukutani midomo wazi wana joto, wakitawanyika wamelala hovyohovyo basi uko sawa. Kama ni mkaa, acha dirisha la juu wazi, moshi unaua.

Tuingie bandani. Banda la kuku linakwenda juu, kuku anataka fito alale. Banda la bata linakwenda pembeni. Wanalala chini, kwa hiyo nahesabu bata wakubwa watatu kwa mita moja ya mraba, na sita wangu wana mita mbili na kidogo. Hawa wa kienyeji wakipata pa kupanda watapanda, hata kwenye ukuta, punguza manyoya ya bawa moja tu. Moja, siyo mawili, ili akiruka apinde. Mlango uwe mpana kwa sababu asubuhi wanatoka wote kwa pamoja wakikanyagana, na wanateguka miguu kirahisi kuliko kuku. Usimshike bata kwa miguu. Mshike shingo kwa chini taratibu, kisha mkono mwingine tumboni.

Shida ya banda la bata ni unyevu. Bata mkubwa anakunywa nusu lita hadi lita nzima kwa siku, na anayomwaga sijayahesabu. Ukiweka maji juu ya maranda kama unavyofanya kwa kuku, kesho una tope, keshokutwa una harufu ya amonia inayochoma macho. Kwa hiyo hapa pembeni, mwisho wa banda palipo na mteremko, nimechimba shimo la kina cha goti, nikajaza kokoto, juu nikaweka wavu mgumu. Dumu linakaa juu ya wavu. Maji yanayomwagika yanaishia kwenye kokoto, kule walikolala panabaki pakavu. Maranda ninayachambua kila siku, yaliyolowa yanatoka.

Kuhusu kuchanganya na kuku: mimi sichanganyi. Unyevu wa bata unamletea kuku koksidia. Na kideri, yaani mdondo, bata anaweza kuwa nao mwilini asionyeshe dalili yoyote, wakati kuku wako wanateketea. Ukilazimika kuchanganya, hakikisha kuku wamechanjwa na ratiba ya chanjo haipiti.

Usiku funga vizuri. Huku kwetu kuna kicheche, kuna kenge anayependa mayai, na mchana kunguru anabeba kifaranga huku mama yake anatazama. Wavu juu ya uwanja wa vifaranga mpaka wamshinde kunguru kwa ukubwa.

Chakula. Wiki tatu za kwanza chakula cha vifaranga wa kuku kinafaa, ila uliza dukani kile kisichochanganywa dawa ya koksidia, kwa sababu bata anakula kingi na dozi inazidi. Halafu kuna jambo la miguu. Mteja mmoja alinitumia picha, vifaranga wa wiki mbili wanatembea kwa vifundo, miguu imepinda kama upinde. Alikuwa anawapa pumba za mahindi na mahindi yaliyoparazwa, basi. Bata mdogo anahitaji niasini, vitamini B3, nyingi kuliko kifaranga wa kuku, na niasini ya mahindi imefungwa, mwili hauipati kirahisi. Kuku angevumilia kidogo. Tulichofanya: dagaa waliosagwa kwenye chakula kila siku, na unga wa vitamini B mchanganyiko wa duka la dawa za mifugo kwenye maji, kwa kipimo cha pakiti. Waliokuwa wameanza kuchechemea walinyooka, mmoja aliyekwisha pinda kabisa hakupona. Kwa hiyo tazama miguu mapema. Machicha ya pombe ya kienyeji nayo ni mazuri yakiwa mabichi ya leo, yakichacha yatupe. Hamira ya maandazi usiwape, inachachia tumboni.

Halafu pumba. Shika, nusa, tazama. Hizi hapa zimeshikana mabonge, zina rangi ya kijani kidogo. Dogo, leta karibu, iiii, giza. Washa taa ya simu. Hapo. Hizi ni za kutupa, hazipewi kuku wala bata. Bata ndiye anayeumia upesi kuliko karibu ndege wote wa kufugwa kwa sumukuvu, na vifaranga wake ndio hatari zaidi, kiasi kwamba wataalamu walikuwa wakiwatumia kupima sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kuchanganya na nzuri ni kuharibu nzuri.

Na hili nalirudia mpaka mchoke: CHAKULA HAKIKAI BILA MAJI. Unga mkavu unamkwama bata kooni, anachukua tonge na kukimbilia maji, hayapo, anakabwa. Ukitoa maji usiku ili banda likauke, toa na chakula. Asubuhi ukirudisha, maji kwanza, chakula baadaye. Vyote viwili, au hakuna hata kimoja. Dogo, andika hilo kwenye kioo kwa herufi kubwa.

Wakubwa wakipata majani, konokono na wadudu wa shambani wanapunguza gharama kweli. Majike wanaotaga wanahitaji chakula cha kuku wa mayai, au pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, na chokaa ya mifugo pembeni.

Mayai. Kuku anataga hata saa nane mchana. Bata anataga alfajiri, kwa hiyo ukifungua banda saa kumi na mbili anakwenda kutagia kichakani, na kenge anakushukuru. Mimi nafungua saa tatu. Kiota ni chini, kona yenye giza, maranda makavu. Wa kienyeji anaatamia siku 35, siyo 21 za kuku, na si 28 za bata mweupe wa Pekini. Ukimchanganya wa kienyeji na Pekini unapata chotara wa nyama mzuri, lakini mayai yake hayaanguliwi, usikae unasubiri.

Kuchinja. Wiki ya 10 hadi 12, dume anaweza kufika kilo nne. Kabla ya kisu, tenganisha manyoya ya kifuani utazame ngozi. Ukiona vichipukizi vyeusi vifupi kama ncha za kalamu, mwache, utanyonyoa mpaka magharibi. Subiri vitoke. Maji ya kunyonyolea yawe moto wa kutia kidole na kutoa upesi, hayachemki, na tone la sabuni, maana manyoya yana mafuta na maji matupu hayapenyi. Zamisha ukimgeuzageuza kwa dakika moja mpaka tatu, kisha jaribu unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kuvuta kwa nguvu, mtoe haraka, uanze na mabawa. Ngozi ikianza kuchanika ujue maji yalikuwa moto mno.

Wanaotaka vifaranga, wiki ijayo natoa kundi. Madumu nayo yapo, dirisha vidole viwili.