Tofauti Ndogo Kati ya Namba Mbili Kubwa: Hewa ya Chumba cha Upasuaji

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitalirudia kwa sababu bado napelekwa kwenye vyumba vya upasuaji na kuoneshwa kwa fahari cheti cha vichujio, ilhali nikiuliza ni kiasi gani cha hewa kinachotolewa chumbani, hakuna anayejua. Ngazi za shinikizo mnazijua: chumba cha kuandalia vifaa tasa na chumba cha upasuaji huwa juu, korido chini yake, na chumba cha vifaa vichafu chini kabisa. Kinachosahaulika ni kwamba shinikizo halitengenezwi na mashine yoyote peke yake. Ni matokeo ya kutoa hewa nyingi kuliko unayoingiza, au kuingiza nyingi kuliko unayotoa, na ile ziada kulazimika kujipenyeza kwenye nyufa za milango.

Tuchukue chumba cha mita 6 kwa 6, chenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 108, na kwa kubadilisha hewa mara 20 kwa saa, ambacho ndicho kima cha chini katika kiwango cha Marekani cha ASHRAE 170, tunaingiza mita za ujazo 2,160 kila saa. Tuseme tunatoa 1,930. Ziada ni 230, na kama nyufa zote za chumba kwa jumla zina eneo la sentimita za mraba 200, ziada hiyo hujenga shinikizo la takriban paskali 15 juu ya korido. Hapo kila mtu ameridhika.

Sasa vichujio vinaanza kujaa vumbi. Feni ya kuingiza inazunguka kwa kasi ileile, lakini inasukuma dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi, na hewa inapungua kwa asilimia 15 hadi 1,836. Ukipiga hesabu utapata mara 17 kwa saa, na fundi atakuambia kwamba hilo ni pungufu dogo linaloweza kungoja. Haliwezi! Feni ya kutoa haina habari na vichujio hivyo; inaendelea kuvuta 1,930. Chumba kina upungufu wa 94, nao unajazwa na hewa ya korido inayoingia chini ya mlango bila kupita kwenye kichujio chochote. Shinikizo limetoka paskali 15 juu hadi karibu 2.5 chini. Asilimia 15 imegeuza mwelekeo wa hewa, kwa sababu tulikuwa tunategemea tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa.

Hali kama hiyo niliikuta katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilishika ukanda wa karatasi laini mbele ya upenyo wa chini ya mlango uliofungwa, nikiwa upande wa korido, na ukanda ukalalia mlangoni kana kwamba chumba kinavuta pumzi. Nilirudi wiki iliyofuata nikakuta manomita, ile geji ya shinikizo, ikisoma paskali 15, na wenyeji wakitabasamu. Walikuwa wamebana dampa, kile kilango cha kupunguza mtiririko, ya hewa inayotoka hadi ikabaki kama 1,600, hivyo ziada ya 230 ikarudi na geji ikanyamaza. Hewa iliyoingia ilikuwa bado ileile 1,836. Geji ilisema kweli kuhusu shinikizo, lakini haikuulizwa kuhusu mara ngapi hewa inabadilishwa, nao hawakupima mtiririko kwenye matundu ya dari, wala hawakubadilisha vichujio.

Najua mtu atasema, basi tuweke kichujio cha hepa cha daraja la juu zaidi tumalize ubishi. Ndugu yangu, bakteria wengi wa chumba cha upasuaji hutoka kwenye ngozi za watu walio humo humo ndani, na kichujio cha darini hakiwazuii kutoka. Kinachowapunguza ni hewa safi ya kutosha inayowazimua na kuwaondoa. Isitoshe, kichujio kizito zaidi bila feni inayokimudu hutuleta palepale penye 1,836.

Kuhusu milango nitasema kwa kifupi tu, maana naona mwenyekiti ananitazama. Mlango wa mita za mraba 2 ukiachwa wazi, ile ziada ya 230 hupita hapo kwa sentimita 3 hivi kwa sekunde, na shinikizo huwa sawa na sifuri. Mtu anayepita huburuta hewa kwa kasi kuliko hiyo. Ukingo wa kichujio na gasketi yake navyo vinahitaji mhadhara wake. Mkirudi kazini, anzeni na vipimo viwili siku moja, mlango ukiwa umefungwa: mtiririko unaoingia na mtiririko unaotoka, kisha ndipo msome geji.