Ada Iliyolipwa Mapema Ni Deni la Shule

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuitazame akaunti moja tu, ile ya ada inayopokelewa kabla ya masomo kufundishwa, kwa sababu nimeona shule zenye wanafunzi wa kutosha zikikosa mishahara kwa kuikosea.

Tuchukue shule mpya yenye wanafunzi 200. Ada ni 1,200 kwa mwaka wa masomo wa miezi 10, Septemba hadi Juni, na wazazi wote wamelipa ya mwaka mzima mwanzoni mwa Septemba. Tarakimu zangu hazina sarafu, wekeni mnayoitumia. Benki zimeingia 240,000. Siku hiyo shule imechuma kiasi gani? Haijachuma kitu. Fedha imepokelewa, ila hakuna hata kipindi kimoja kilichofundishwa.

Kwa hiyo mhasibu anadebiti benki 240,000, kisha anakrediti kiasi hicho hicho kwenye akaunti ya ada zilizolipwa kabla. Akaunti hii hukaa upande wa madeni kwenye mizania. Kila mwezi wa masomo unapokwisha, anaidebiti 24,000 na kukrediti mapato ya ada. Benki haiguswi hapo. Kinachobadilika ni kwamba sehemu ya deni imelipwa kwa kufundisha. Mwaka wa hesabu ukifungwa tarehe 31 Desemba, miezi minne imefundishwa: mapato ni 96,000, na 144,000 bado ni deni.

Sasa mwenzetu mwingine anaandika zote 240,000 kuwa mapato ya Septemba. Matumizi ni 20,000 kwa mwezi, yaani 80,000 hadi Desemba. Vitabu vyake vinaonyesha ziada ya 160,000, wakati ziada halisi ni 16,000. Bodi inafurahi, inaidhinisha ukumbi mpya, na fedha inatoka. Kuanzia Januari hadi Juni kuna matumizi ya 120,000 na hakuna ada inayoingia. Walimu wanadai mishahara, watoto wako darasani, na wazazi hawadaiwi chochote. Ukumbi umejengwa kwa fedha ya masomo ambayo hayajafundishwa.

Hapa huwa naulizwa swali zuri: fomu ya kujiunga inasema ada ikishalipwa hairudishwi, sasa deni liko wapi? Watu wengi hudhani deni ni lazima lilipwe kwa fedha, na ndipo wanapopotea. Katika uhasibu, deni ni wajibu ulionao leo, uliotokana na jambo lililokwisha kutokea, wa kumpa mwingine kitu chenye thamani ya kiuchumi. Kufundisha ni kitu cha namna hiyo. Sharti la kutorudisha linamzuia mzazi kudai fedha yake. Halimzuii kudai mwanawe afundishwe Februari. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinalitazama jambo hivyo hivyo: malipo ya mbele ni dhima ya mkataba hadi huduma itolewe.

Kwa sababu deni hili hulipwa kwa huduma, msomaji wa mizania asishtuke upesi akiona madeni ya muda mfupi yamezidi fedha iliyopo. Zile 144,000 hakuna atakayekuja kuzibeba zote kesho. Swali la kuuliza ni kama fedha iliyobaki inatosha gharama za kufundisha hadi Juni, ambazo hapa ni 120,000.

Kwa mwenye nyumba hesabu ni ile ile: kodi ya miezi sita aliyopokea inageuka mapato mwezi hadi mwezi. Amana ya uharibifu ni jambo jingine. Hiyo ni ya mpangaji hadi atakapohama, na haigeuki mapato kwa kupita kwa muda.

Utajuaje kama akaunti ya shule yako iko sawa? Mapato yakipanda ghafla mwezi wa kulipa ada na kuwa sifuri miezi inayofuata, kuna kosa. Salio la deni likikaa vile vile miezi mitatu ya masomo, kuna kosa pia. Kipimo ninachokiamini zaidi ni daftari la mahudhurio. Zidisha wanafunzi waliopo kwa ada ya miezi iliyobaki. Tuseme mmoja alihama mwishoni mwa Desemba: 199 mara 720 ni 143,280, na leja inasema 144,000. Zile 720 za tofauti ni za mtoto aliyeondoka. Kama mkataba unaruhusu kurudishiwa, zihamishiwe kwenye madeni ya kulipwa kwa mzazi. Kama hauruhusu na wajibu wa kumfundisha umekwisha, hapo ndipo zinapokuwa mapato, kwa tarehe aliyohama.