Konokono au Sota? Kumtambua Aliyekula Mche kwa Ute na Shina Lililokatwa

Karibuni, ndugu watazamaji. Niko Uyole, Mbeya, katika kitalu changu ninapokuza miche ya kabichi kwa ajili ya kuuza, na sasa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimewahi makusudi, kwa sababu leo tunasoma alama zilizoachwa usiku, na alama hizo hazidumu. Kabla ya jambo lolote, naomba usimwagilie. Keni moja tu ya maji hufuta ute wote, na baada ya hapo utabaki kubahatisha.

Vifaa ni vichache: tochi, kijiti kilichochongwa ncha, na kikopo chenye maji ya sabuni. Tuingie kazini.

Mche wa kwanza una majani mawili ya mwanzo tu, na moja limebaki nusu. Shina limesimama. Tazameni matundu haya: hayana umbo maalumu, mengine yako katikati ya jani, na hapa pembeni pamebaki ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Konokono, awe na gamba au asiwe nalo, hang'ati jani kwa taya mbili za pembeni kama kiwavi, bali hulikwangua kwa ulimi wenye vijino vingi vidogo mithili ya msasa. Ndiyo maana mara nyingine huondoa nyama ya jani na kuacha ngozi ya upande mmoja.

Sasa tutafute ute. Mdogo wangu anayenishikia simu ananiambia kwamba kwenye kioo hauonekani, na ana haki, kwa sababu nimemulika kutoka juu. Ngoja nilaze tochi chini kabisa, mwanga upite sambamba na udongo. Hapo! Utepe ule unaong'aa kama fedha, unaoanzia kwenye ubao wa tuta, unapanda juu ya bonge la udongo, kisha unafika mpaka kwenye jani lenyewe. Nitumie nafasi hii kuwatahadharisha kuhusu kitu kingine king'aacho, nacho ni uzi wa buibui au wa kiwavi uliolowa umande. Ingiza ncha ya kijiti chini yake: uzi utainuka na kuning'inia, ilhali ute umegandamana na udongo na hutoka vipande vipande kama gundi iliyokauka. Ukiugusa kwa kidole chenye maji, huanza tena kunata.

Huyo basi ni konokono. Twende kwenye mche wa pili, ambao ndio ulionifanya nirekodi video hii.

Mche huu umelala chini, majani yake yote ni mazima, na shina limekatwa usawa wa udongo. Sentimita chache kutoka hapo, kama mnavyoona, upo mchirizi wa ute. Mtu mwenye haraka atasema konokono amekata. Mimi mwenyewe nilisema hivyo msimu mmoja wa mvua, nikanunua chambo cha konokono na kukimwaga tuta zima, kisha kwa usiku minne mfululizo nikaendelea kuokota miche iliyolala, mpaka ikafika arobaini na saba. Chambo kilikuwa kizuri na kiliua konokono wengi, ila hawakuwa wao waliokuwa wakikata.

Kwa hiyo shikeni jambo hili: ute uliopo karibu na mche hauthibitishi kitu, unaothibitisha ni ule unaofika kwenye jeraha. Konokono hutembea huku na huko usiku kucha, na hupenda pia kula mche ambao tayari umeshaangushwa na mwingine, kwa kuwa unaanza kulainika. Fuateni mchirizi huu pamoja nami. Unakuja, unapita kando ya mche, unaendelea kuelekea kwenye magugu, wala haukugusa shina. Narudia, kwa sababu ndipo nilipokosea: usiangalie kama ute upo, angalia umeishia wapi.

Sasa tuchunguze shina. Naomba simu isogezwe karibu zaidi. Kidonda ni kikavu na kimekatwa karibu mara moja, kikiwa na vijialama vya kung'atwa upande huu. Konokono naye anaweza kuangusha mche mchanga sana wenye shina laini, lakini kidonda chake huonekana kimekwanguliwa, mara nyingi kikiwa na ute juu yake, na majani nayo huwa yameliwa. Majani mazima juu ya shina lililokatwa hunifanya nimshuku sota, yaani kiwavi akataye miche. Kama shina lingekuwa limenyong'onyea, jembamba, la kahawia na lenye majimaji bila alama ya kung'atwa, ningefikiria kinyausi, ambacho ni ugonjwa wa ukungu na si mdudu.

Shaka haitoshi; inabidi tumpate mwenyewe. Sota hula usiku na mchana hujificha ardhini, mara nyingi karibu na mche alioukata mwisho. Chora duara la upana wa kiganja kuzunguka kisiki, kisha fukua taratibu kwa kijiti hadi kina cha sentimita tano. Taratibu, nasema, maana rangi yake hufanana na udongo na ukikoroga kwa nguvu utamfukia tena bila kujua. Hapa hayupo. Hapa pia hayupo. Usikate tamaa ukaanza kumsingizia konokono; hamia upande wa mche unaofuata katika mstari huohuo, kwa sababu sota mmoja anaweza kuangusha miche kadhaa, na huenda alikuwa akielekea huko. Naam, huyu hapa. Ana urefu wa takribani sentimita tatu, ni wa kijivu iliyokolea, ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta, na mara tu nilipomgusa alijikunja kama herufi C. Anaingia kwenye kikopo cha sabuni, na simwonei huruma.

Mche wa tatu nitaupitia haraka. Shina ni zima, majani yana matundu, ute hakuna. Geuza jani: vipo vipunje vidogo vya kijani kilichokolea, ambavyo ni kinyesi cha kiwavi, na kiwavi mwenyewe amelala kando ya mshipa wa jani. Kinyesi cha konokono hakiwi punje kavu namna hiyo, bali huwa kama kamba fupi laini iliyojikunja.

Mtaniuliza, je, mvua ikinyesha usiku na kuosha ute? Huku kwetu hilo ni jambo la kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na kutokuwepo kwa ute asubuhi hiyo hakumwondolei konokono lawama. Jioni lowesha gunia, likunje mara mbili na ulilaze kando ya tuta. Alfajiri lifunue: konokono hukimbilia chini yake kutafuta unyevu, nawe utawahesabu na kuwaokota. Ukikuta gunia tupu huku miche mingine imelala, rudi kwenye kufukua.

Hapo ndipo ununue dawa, kama bado unaihitaji. Chambo cha konokono chenye metaldehaidi hakimzuii sota, na kinaweza kuua mbwa na kuku, hivyo sikimwagi kwa kubahatisha. Kwa sota, mimi hupendelea kuzungushia kila mche pete ya karatasi ngumu, nikiizamisha sentimita tatu ardhini na kuacha nyingine tano juu. Kabla ya kuizamisha, fukua ndani ya duara lake kwanza, usije ukamfungia sota pamoja na mche wako.